Sindano ya Mwezi Ikipita: Je, Muda wa Kurudi Umekwisha?

Makala haya yanafafanua suala linalozitatiza familia nyingi za Migori na Homa Bay: mgonjwa wa skizofrenia akikosa sindano yake ya mwezi, ni lini amechelewa mno, na kliniki itamfanyia nini?

Dawa inayozungumziwa hapa ni flufenazini dekanoeti, ambayo wengi huijua kwa jina la Modekate. Imeyeyushwa katika mafuta ya ufuta. Ikidungwa kwenye msuli wa tako, hubaki humo na kupenya katika damu haba na haba. Kwa hiyo, siku ya 28 ikipita dawa haikatiki ghafla, bali hupungua polepole. Hapa ndipo penye hadaa. Mgonjwa anaweza kujihisi mzima, hata mwepesi zaidi kwa kuwa ule mkakamao wa viungo umelegea, na aamue kuwa amepona. Ugonjwa unaweza kurejea baada ya wiki au miezi kadhaa.

Tuchukue mfano wa mvuvi wa Muhuru, Migori, aliyezoea miligramu 25 kila wiki nne. Alidungwa tarehe 3 Machi, akatakiwa kurudi tarehe 31. Samaki wakampeleka Mbita, Homa Bay, akaikumbuka kadi yake tarehe 10 Aprili. Ni siku 38 tangu sindano ya mwisho. Amechelewa siku 10. Si lazima avuke kurudi Muhuru kwanza. Aende na kadi yake hadi kituo cha karibu chenye huduma ya afya ya akili. Muuguzi atauliza tarehe na kipimo cha mwisho, atachunguza usingizi, sauti anazosikia na mtetemeko wa mikono, kisha kwa kawaida atampa kipimo kilekile. Hatampa viwili kwa pamoja, kwani sindano iliyokwisha kudungwa haiwezi kutolewa madhara yakizuka. Tarehe mpya itahesabiwa kuanzia siku hiyo: tarehe 8 Mei.

Hakuna siku moja inayofunga mlango. Hata hivyo, wiki sita zikishapita tangu sindano ya mwisho, tabibu huwa na tahadhari zaidi na huweza kuongeza vidonge kwa muda, maana sindano huchelewa kufikia nguvu yake kamili. Ikipita miezi, aghalabu huanza upya kwa kipimo kidogo, pengine miligramu 12.5. Sindano za aina nyingine zina mipaka yake. Ndiyo sababu kadi ni muhimu.

Akikesha usiku mfululizo, akisikia sauti, akikataa chakula au akitaja kujidhuru, asingojee siku ya kliniki. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Na ikiwa aliikimbia sindano kwa sababu ya mkakamao, aseme waziwazi: kipimo hupunguzika, au dawa hubadilishwa.