Limiti ngeni kwenye mtihani: Uanze na njia ipi?

Swali la limiti lina alama chache tu, lakini linaweza kula dakika 15 za mtihani. Mara nyingi mwanafunzi hakwami kwa kutojua hesabu. Anajua njia nne au tano, ila hajui aanze na ipi. Anashika ya kwanza inayomjia kichwani, anajaza nusu ukurasa, kisha anafuta.

Habari njema ni kwamba swali lenyewe huwa linasema njia ipi itumike. Kinachotakiwa ni kuliuliza vizuri, na kuuliza huko hakuchukui hata nusu dakika.

Hatua ya kwanza: weka namba

Limiti ni thamani ambayo fomula inaikaribia wakati x inapokaribia namba fulani. Kwa hiyo kabla ya ujanja wowote, chukua namba hiyo uiweke mahali pa x. Fanya hivyo hata kama swali linatisha.

Kwa maswali mengi ya sehemu, yaani yenye juu na chini, utapata moja kati ya majibu haya manne:

- Namba ya kawaida, kama 5/5. Kazi imeisha, hilo ndilo jibu.
- Namba isiyo sifuri juu ya sifuri, kama 3/0. Hapa hakuna cha kurahisisha. Angalia pande mbili.
- 0/0. Jibu lipo limejificha, au huenda halipo. Lazima ubadilishe sura ya swali.
- Infiniti juu ya infiniti. Gawa kwa kipeo kikubwa cha x kilichopo chini.

Ile 3/0 huwachanganya wengi. Chukua `(x+1)/(x-2)` x ikikaribia 2. Ukija kutoka kulia, mfano 2.01, unapata namba kubwa chanya. Ukija kutoka kushoto, mfano 1.99, unapata namba kubwa hasi. Pande mbili hazikubaliani, kwa hiyo limiti haipo. Anayeanza kutafuta vigawo hapa anapoteza muda bure.

Ukipata 0/0, tazama kilicholeta sifuri

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo. Usikimbilie njia unayoipenda. Jiulize: ni kitu gani kimezaa hizi sifuri?

Kama juu na chini kuna vipeo vya x tu, bila mizizi wala sini, vunja katika vigawo. Sifuri imeletwa na kigawo kimoja kinachofanana juu na chini. Kikate, kisha weka namba tena.

Kama kuna kipeuo cha pili kimeshikana na kujumlisha au kutoa, tumia konjugeti. Hiyo ni ileile sehemu yenye mzizi, ila alama ya katikati imegeuzwa. Unazidisha nayo juu na chini.

Kama kuna sini na x inaenda sifuri, lisogeze swali lifanane na `sin x / x`, ambayo limiti yake ni 1. Pembe ziwe kwenye radiani, la sivyo hiyo 1 haipatikani.

Mfano mmoja, mwanzo hadi mwisho

Tuseme swali ni hili:

```
lim (√(x+1) - 2) / (x² - 9),   x → 3
```

Weka 3. Juu: mzizi wa 4 ni 2, toa 2, sifuri. Chini: 9 toa 9, sifuri. Ni 0/0.

Sasa tazama. Chini kuna vipeo vya x, kwa hiyo vigawo vinaita. Juu kuna mzizi, kwa hiyo konjugeti inaita. Uanze na ipi? Anza na mzizi, kwa sababu ndio unaoficha kigawo unachotaka kukata. Ukivunja chini kwanza utapata `(x-3)(x+3)`, ni sahihi, lakini huoni `(x-3)` yoyote juu ya kukata nayo.

Zidisha juu na chini kwa `√(x+1) + 2`. Juu mzizi unatoweka:

```
(x+1) - 4 = x - 3
```

Chini usifungue mabano. Hili ndilo kosa linalogharimu wengi: wanazidisha kila kitu, wanapata msururu mrefu, na kigawo cha kukata kinazama humo. Acha hivi:

```
(x-3)(x+3)(√(x+1) + 2)
```

Kata `x-3` juu na chini. Juu inabaki 1. Weka 3 tena: chini ni 6 mara 4, yaani 24. Jibu ni 1/24.

Kuhakikisha, weka 3.01 kwenye swali la mwanzo kwa kikokotoo. Inatoka takriban 0.0416, na 1/24 ni takriban 0.0417. Zinakaribiana, endelea na swali lingine. Zingekuwa mbali, au alama zingetofautiana, ungejua kuna hatua imeharibika.

Vipi kuhusu L'Hôpital?

Kanuni hii, iliyochapishwa mwaka 1696 kwenye kitabu cha Mfaransa Guillaume de l'Hôpital, inasema udiferenshieti juu peke yake na chini peke yake, kisha uweke namba. Ni tamu, na wengi huianza nayo kila swali. Ndipo wanapoanguka.

Kanuni inaruhusiwa kwa 0/0 au infiniti juu ya infiniti tu. Angalia `(x²+1)/(x+3)` x ikikaribia 2. Ukiweka 2 unapata 5/5, yaani 1. Aliyerukia L'Hôpital anapata `2x/1`, anaandika 4, na hakuna kinachomwonya kwamba amekosea. Hatua ya kuweka namba ndiyo ingemwokoa.

Hata pale inaporuhusiwa, inaweza kuzunguka. Jaribu `x/√(x²+1)` x ikienda infiniti. Ukidiferenshieti mara moja, sehemu inageuka juu chini. Ukirudia, unarudi ulipoanza. Ukigawa juu na chini kwa x, mstari mmoja tu, jibu ni 1.

Kwa hiyo L'Hôpital iwe njia ya akiba: 0/0 imethibitishwa, vigawo, konjugeti na sini havikufaa, na swali halijaikataza.

Mtego wa infiniti toa infiniti

Umbo moja halimo kwenye orodha ya juu kwa sababu halina sehemu. Mfano ni `√(x²+6x) - x` x ikienda infiniti. Wengi huandika sifuri papo hapo. Lakini ona mzizi: konjugeti inaita tena. Ukizidisha na kugawa kwa `√(x²+6x) + x`, juu inabaki `6x`. Gawa juu na chini kwa x, chini inaelekea 2, na jibu ni 3.

Namna ya kufanyia mazoezi

Chukua maswali 20 ya limiti kutoka mitihani ya nyuma, usiyafanye. Kwa kila moja weka namba, andika umbo lililotoka, kisha andika neno moja: vigawo, konjugeti, sini, gawa, pande mbili. Baada ya hapo linganisha na majibu yaliyofanyiwa kazi. Pale ulipochagua tofauti na yalivyofanywa, hayo ndiyo maswali ya kukaa nayo usiku huo.