Data Zinapotengana Kabisa

Chukua mfano wa wanafunzi 6. Waliosoma saa 1, 2 na 3 walifeli; waliosoma saa 4, 5 na 6 walifaulu. Hakuna hata mmoja aliyevuka mpaka. Data safi namna hii ndizo zinazoikwamisha regresheni ya lojistiki.

Modeli hii huchora mkunjo unaopanda kutoka 0 hadi 1, na kompyuta hutafuta mteremko unaoyapa matokeo yaliyoonekana uwezekano mkubwa kuliko yote. Weka mpaka kwenye saa 3.5. Mteremko ukiwa 2, aliyesoma saa 4 anapewa uwezekano wa kufaulu wa 0.73. Ukiwa 10, anapata 0.993, ukiwa 20, 0.99995. Kila ukiuongeza, modeli inalingana zaidi na data, wala hakuna kilele cha kusimamia. Angekuwapo mmoja aliyesoma saa 5 akafeli, mteremko mkali ungemkosea vibaya, na hesabu ingetulia.

Kompyuta hukata tamaa njiani na kuandika namba ilipofikia. Programu ya R huonya hivi:

```
glm.fit: fitted probabilities numerically 0 or 1 occurred
```

Kosa sanifu nalo hufura hadi maelfu, kwa hiyo jedwali linadai kwamba saa za kusoma hazina athari yoyote, ilhali ndizo zilizowatenganisha wanafunzi wote! Ukiona hivyo, usikifute kigezo hicho. Tumia njia ya David Firth ya mwaka 1993, inayozuia mteremko usikimbilie mbali na kurudisha makadirio yenye kikomo.