Ombi la ufadhili wa utafiti wa uuguzi

Ombi la ufadhili wa utafiti wa uuguzi ni andiko fupi linaloeleza tatizo, sababu za kulichunguza, gharama na manufaa yanayotarajiwa.

Kwa mfano, muuguzi wa Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, anataka kujua kwa nini baadhi ya wazazi hawarudi kliniki siku ya saba baada ya kujifungua. Sababu hutolewa katika vitabu vya MTUHA vya vituo vyenyewe: waliojifungua ni wangapi, na waliorudi ni wangapi? Takwimu za taifa pekee hazionyeshi pengo la hapo. Manufaa nayo yasizidi uwezo wa utafiti. Kuhoji wazazi 60 kunaweza kusaidia kupanga upya siku za kliniki, lakini hakuwezi kuthibitisha kwamba vifo vya watoto wachanga vimepungua.