Kampuni Changa Ina Thamani Gani?

Mwanzilishi wa kampuni inayosambaza bidhaa madukani anaandika kwenye mpango wake kwamba mauzo ya mwaka ni shilingi milioni 600. Kwa kuwa amesikia kampuni kama yake huthaminiwa mara 4 ya mapato, anadai yake ni ya bilioni 2.4. Mwekezaji makini atauliza kwanza: hela hizo ni za nani? Nyingi ni za viwanda. Kampuni inabaki na kamisheni ya asilimia 5, yaani milioni 30, na mara 4 ya hapo ni milioni 120 tu.

Njia ya pili hukadiria fedha taslimu zitakazobaki miaka ijayo, kisha huzipunguza kwa ajili ya kusubiri na hatari. Milioni 100 za mwaka wa 5, zikipunguzwa kwa kiwango cha asilimia 20 kwa mwaka, leo ni kama milioni 40. Kwa asilimia 40, hazifiki milioni 19. Ndiyo maana mimi huamini zaidi mpango unaotaja kiwango hicho waziwazi, na unaoonyesha ni maduka mangapi yaliagiza tena mwezi uliofuata.