Saa Moja ya Sauti ni Shilingi Ngapi?

Ujumbe wa kwanza wa kazi huwa mfupi: "Habari dada, nimepewa namba yako. Tuna mahojiano ya utafiti, yako 20, yameshasajiliwa kwenye simu. Kuyaandika, kwa hojiano moja unachukua shilingi ngapi?" Aliyeupokea yuko Morogoro, ana kompyuta, anachapa haraka, Kiswahili anakijua vizuri, ila hajawahi kulipwa kwa kazi hiyo hata mara moja. Anajiuliza yeye ni nani hata ataje bei. Mwisho anaandika 10,000, na kabla hajajibiwa anaongeza, "ila tunaweza kuongea."

Mfano huu ni wa kubuni, lakini wanaonukuu sauti za watafiti watautambua. Ni kazi inayoingiwa na vijana wengi waliomaliza chuo, kwa sababu miradi ya afya, kilimo na elimu haiishi kurekodi watu, na kila kilichorekodiwa lazima kiandikwe neno kwa neno ndipo kichambuliwe. Pia ni kazi inayoonyesha wazi jinsi mtu anavyojipunja anapopanga bei ya saa yake kwa mara ya kwanza.

Tuanze na ile 10,000. Hojiano la saa moja haliandikwi kwa saa moja. Mnukuzi mzoefu, sauti ikiwa safi na wanaozungumza ni wawili, hutumia kama saa nne. Anayeanza hutumia tano au zaidi, maana anarudisha nyuma mara nyingi, kisha anasikiliza tena kusahihisha. Kwa hiyo 10,000 kwa saa tano ni 2,000 kwa saa. Mahojiano 20 ya namna hiyo ni saa 100 za kukaa na vifaa vya kusikilizia masikioni, kwa malipo ya 200,000. Taasisi ikikata kodi ya zuio, ambayo kwa huduma za mkazi wa Tanzania ni 5%, zinabaki 190,000. Bando na umeme bado havijatolewa humo.

Hakuna aliyemlazimisha dada huyu kukubali 2,000 kwa saa. Hakujua kama ndiyo bei aliyoitaja. Mashaka yalimfanya aitazame namba ya mwisho na kujiuliza kama ni kubwa mno kwa mtu kama yeye, wakati saa zilizo nyuma ya namba hiyo hakuzihesabu. Na kuhesabu saa hakuhitaji uzoefu wala sifa. Kunahitaji sauti ya dakika kumi na saa ya ukutani.

Basi achukue dakika kumi za mazungumzo yanayofanana na yale ya mteja. Amwombe jirani amsimulie alivyofungua genge lake, arekodi kwa simu kwa idhini yake, halafu aandike na kusahihisha mpaka aridhike, akiwa amepima muda. Tuseme ametumia dakika 50. Maana yake saa moja ya sauti ni saa tano za kazi. Arudie na kundi la watu sita wakizungumza kibarazani, pikipiki zikipita. Hapo atashangaa, kwa sababu dakika kumi zinaweza kula dakika 80, yaani saa nane za kazi kwa saa moja ya sauti. Sasa ana vipimo viwili vyake mwenyewe, na hakuna mteja anayeweza kumwambia ni uongo.

Kuna swali la haki hapa, na huwa linawasumbua waanzaji waaminifu: kama mimi ni mzito, kwa nini mteja alipie uzito wangu? Ni kweli, asilipie. Ukitumia dakika 90 kwa dakika kumi za sauti safi, toza kana kwamba umetumia 50, na zile 40 zihesabu kuwa ada yako ya kujifunza. Lakini ukishafika 50 usiendelee kujikata. Uzito wa sauti mbovu nao si wako, ni wa aliyerekodi sokoni.

Sasa bei ya hiyo saa. Wengi huchukua mahitaji ya mwezi, tuseme 600,000 kwa kodi ya chumba, chakula, nauli na kidogo cha nyumbani, wakayagawa kwa saa za mwajiriwa: siku 22 mara saa nane, jumla 176. Jibu ni kama 3,400. Linaonekana la kiasi, tena linampendeza mwenye mashaka kwa sababu ni dogo. Lakini hesabu hiyo ina makosa juu na chini.

Juu, 600,000 si gharama yote. Mwajiriwa hanunui kompyuta ya ofisi, wewe unanunua. Ya 1,260,000 ikidumu miaka mitatu ni 35,000 kila mwezi. Bando 60,000, umeme 15,000, vifaa vya kusikilizia na safari za mjini 10,000, na tayari ni 120,000. Weka 80,000 za kuugua, bima na miezi ambayo hakuna kitu. Weka 100,000 kando kwa kodi ya mapato, kwa kuwa ile 5% iliyozuiwa huhesabika kama sehemu ya kodi yako ya mwaka, haiimalizi. Jumla imefika 900,000. Kila mtu ataweka namba zake. Anayeishi kwa wazazi kodi ya chumba haipo, ila nashauri aiandike hata hivyo, maana hataishi huko milele na bei ni ngumu kupandisha.

Chini, zile saa 176 hazilipwi zote. Kutafuta wateja, kuandika proforma, kufuata malipo, kurekebisha faili, kukatikiwa umeme: hayo yote ni saa zako na hayana mlipaji. Anayeanza akifanikiwa kuuza nusu ya mwezi wake amefanya vizuri, kwa hiyo tuchukue saa 90. Gawa 900,000 kwa 90, unapata 10,000 kwa saa. Karibu mara tatu ya 3,400, na mtu ni yule yule, na cheti ni kile kile.

Mteja, hata hivyo, hahitaji kuiona hiyo 10,000. Mtafiti ana bajeti ya saa za sauti, kwa hiyo mpe bei kwa saa ya sauti: 50,000 kwa mazungumzo ya wawili, 80,000 kwa kundi. Kamwe usitoe bei kwa "hojiano moja", kwa kuwa moja linaweza kuwa la dakika 25 na jingine la saa mbili, na yaliyo marefu ndiyo yatakayoletwa kwako. Fundi cherehani hataji bei ya mshono kabla ya kuona kitambaa, nawe kabla ya kutaja chochote omba kusikia dakika mbili za sauti. Uliza wanazungumza wangapi, kama wanachanganya na lugha nyingine, kama kila "eee" na kicheko viandikwe au maneno yasafishwe, na kama wanataka tafsiri. Tafsiri ni kazi nyingine, ina bei yake.

Kisha linakuja swali linaloogopwa: "Umeshafanya kazi na nani?" Katika kazi hii jibu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mahojiano ya utafiti ni siri ya waliohojiwa, na mnukuzi wa miaka kumi naye haruhusiwi kukuonyesha alichoandika mwaka jana. Anayemwonyesha mteja mpya kazi ya mteja wa zamani anajiharibia. Kwa hiyo mzoefu na mgeni wote wanabaki na kitu kimoja cha kuonyesha, yaani sampuli waliyoiandaa wenyewe. Zile dakika kumi za jirani mwenye genge, akiridhia zionekane, ndizo hizo. Ziandike vizuri, weka alama za wazungumzaji na muda kila dakika mbili, pasiposikika andika "[haisikiki 04:12]" badala ya kubuni neno. Mtafiti akiona mabano hayo anajua anaongea na mtu anayejua kazi.

Jibu la ujumbe ule, basi, lingekuwa hivi: "Asante. Nimesikiliza sauti uliyotuma. Kwa mazungumzo ya watu wawili ni 50,000 kwa saa ya sauti, pamoja na marekebisho ya raundi moja. Sampuli yangu nimeambatanisha. Naweza kuanza Jumatatu." Halafu anyamaze. Shida kubwa ni huo ukimya. Dakika kumi bila jibu zinatosha kumfanya mtu atume punguzo ambalo hakuna aliyeliomba. Mteja huenda yuko kwenye kikao tu.

Na akijibu kwamba bajeti ni 30,000? Rudi kwenye kipimo chako: 30,000 kwa saa tano ni 6,000 kwa saa. Kwa saa 90 ni 540,000, haitoshi hata yale mahitaji ya nyumbani. Kazi ikiwa kubwa na ya mfululizo kiasi kwamba unauza saa 130 kwa mwezi, ni 780,000. Bado hujafika, lakini mwezi unapita. Hapo unaamua ukiwa unajua unachoacha. Unaweza pia kupunguza kazi badala ya bei: maneno yaliyosafishwa bila kila kigugumizi, bila alama za muda, yakakuchukua saa nne badala ya tano. Ukitaka kweli kumpunguzia kwa sababu ni mteja wa kwanza, andika kwenye proforma bei kamili 50,000, mstari wa pili punguzo la kazi ya kwanza 10,000, jumla 40,000. Asipoiona 50,000 mahali popote, kwake bei yako ni 40,000 milele.

Baada ya hapo soko lenyewe litasema. Wateja watatu wakikubali bila hata kuuliza, bei iko chini. Mpe wa nne bei mpya, na wale wa zamani waambie mradi ujao ukianza. Wakikataa wote, kabla ya kushusha chunguza kwanza unawapata wapi. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili analipa kutoka mfukoni mwake na mradi wenye mfadhili una bajeti ya kunukuu, na bei moja inaweza kuwa kubwa kwa wa kwanza na ya kawaida kwa wa pili.

Malipo nayo yapangwe mapema. Idara nyingi za fedha hulipa wiki kadhaa baada ya ankara, na zinaweza kudai TIN na risiti kabla ya kuandika hundi. Omba theluthi kabla ya kuanza, na peleka faili kwa mafungu ya tano tano, fungu la pili likitoka baada ya la kwanza kulipwa. Mtafiti akikataa mafungu, muulize ni nani anayeidhinisha malipo na huchukua siku ngapi, kisha ujue kama kodi ya chumba itasubiri siku hizo.