Bibi Aliyeisahihisha Sura Yake

Kisa hiki ni cha kubuni, ila kazi inayoelezwa ndani yake hufanywa hivi hivi. Bibi mmoja wa Ng'ambo, Unguja, ana picha yake moja tu ya usichana. Ilipigwa studio mwanzoni mwa miaka ya 1960, zama ambazo Mji Mkongwe ulikuwa na majina kama Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Picha haizidi ukubwa wa kiganja. Imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na mashavu ya msichana yamekaribia kutoweka. Mjukuu wake anaipeleka kwa mchoraji ili aichore upya kwa rangi za mafuta, na bibi haambiwi kitu.

Mashavu yalitangulia kufifia kwa sababu inayojulikana. Picha nyeusi na nyeupe imejengwa kwa chembe ndogo mno za madini ya fedha, zilizoshikiliwa na utando wa gelatini juu ya karatasi. Baada ya dawa ya kukazia, karatasi ilitakiwa kuoshwa sana kwa maji safi. Isipooshwa vya kutosha, mabaki ya dawa yenye salfa huendelea kuila fedha mwaka baada ya mwaka, na unyevu wa pwani huongeza kasi. Penye weupe, kama paji la uso na mashavu, chembe zilikuwa chache tangu mwanzo, kwa hiyo ndipo panapoanza kufutika. Macho, nyusi na nywele hudumu zaidi.

Mchoraji anaanza kwa kutogusa kitu. Gelatini imeganda kwenye kioo cha fremu, na kuibandua ni kuung'oa uso wenyewe. Anaipiga picha juu ya kioo hicho hicho, taa mbili zikimulika kutoka pembeni, moja kila upande, ili kioo kisirudishe mwanga. Kisha anakuza nakala, anaichora miraba, na kuhamisha mistari ya uso kwenye turubai mraba kwa mraba. Kabla ya rangi yoyote anapaka tabaka la kahawia, akitafuta kivuli kinaangukia wapi. Kwenye mashavu yaliyofutika anaongozwa na kivuli cha pua na cha kidevu, maana vyote vilimulikwa na taa moja ya studio.

Hadi hapo picha inamtosha. Shida inaanza kwenye rangi.

Filamu nyeusi na nyeupe hupima mwanga tu. Kanga nyekundu na kanga ya kijani zinaweza kutoka kijivu kile kile, na hakuna jicho linaloweza kuzitenganisha kwenye karatasi. Mchoraji anachagua nyekundu. Kuna pia alama nyeusi kwenye vidole vya msichana. Anazihesabu kuwa ni madoa ya unyevu, anazifuta, na vidole vinatoka safi.

Siku ya kufunuliwa, bibi anaitazama turubai kwa muda.

"Shikamoo Bibi, ni wewe huyu?" mjukuu anauliza.

"Marahaba. Sura yangu, naam. Lakini kanga si yangu. Yangu ilikuwa ya kijani, mji wake manjano. Na hina yangu mmeipeleka wapi? Nilipakwa usiku ule, harusi ya dada yangu, asubuhi nikaenda kupiga picha."

Mchoraji anarudi kwenye nakala iliyokuzwa, na safari hii anaona alichokipita. Doa la unyevu halijui mipaka: huanzia kwenye mkono likaendelea hadi kwenye nguo na pazia la nyuma. Alama zile zilikomea pale pale kidole kilipokomea, na zilifanana kwenye vidole vyote. Zilikuwa sehemu ya mkono, si za karatasi.

"Nisamehe, Bibi. Ningekuja kwako kwanza," anasema.

"Basi kaa, mwanangu, tuanze sasa."

Anamwuliza kuhusu pindo, kuhusu hereni, kuhusu ngozi yake ilivyokuwa wakati ule. Bibi anaweka mkono wake juu ya meza, anaukunja na kuonyesha upande wa ndani wa kigasha ambao jua halikuufikia sana. Mchoraji anachanganya rangi akilinganisha na hapo. Ngozi aliyoipaka mwanzo ilikuwa na ukijivu ulioazimwa kwenye picha. Jina la kanga analiacha limefichwa kwenye mikunjo, kwa kuwa kwenye picha halisomeki na bibi mwenyewe halikumbuki.

Marekebisho yanapakwa juu ya tabaka lililokauka. Rangi ya mafuta huweza kukauka juujuu kwa siku chache, lakini ndani huchukua miezi, na kwa kawaida vanishi husubiri karibu miezi 6. Wakati huo mjukuu anaandika nyuma ya turubai, kwa maneno ya bibi, harusi ilikuwa ya nani, kanga ilikuwa ya rangi gani na hina ilipakwa usiku upi. Picha ya zamani inabaki ndani ya kioo chake, ikihamishwa kutoka ukuta wenye unyevu hadi kabati kavu.