Uainishaji wa Bidhaa kwa Kutumia Majina Yake: Mfano wa Chumvi ya Katwe katika Soko la Mtandaoni

Chumvi inayovunwa katika Ziwa Katwe, wilayani Kasese, haina matumizi mamoja. Ile ya daraja la juu huliwa na watu, na ile ya daraja la chini hulambishwa mifugo. Katika soko la mtandaoni, jina fupi la bidhaa likiwekwa katika kategoria isiyofaa, chumvi ya ng'ombe yaweza kufika jikoni. Kwa sababu hiyo, kiainishi kinachompendekezea muuzaji kategoria hakina budi pia kutambua wakati ambapo hakina uhakika.

Njia sahili ni ile inayotumia kanuni ya Bayes: huhesabu ni mara ngapi kila neno limetokea katika kila kategoria. Tuchukulie mfano wa kubuni wenye majina 100 ya Vyakula yenye jumla ya maneno 400, na majina 50 ya Mifugo yenye maneno 200. Maneno tofauti ni 300. Neno "chumvi" limetokea mara 8 katika Vyakula na mara 4 katika Mifugo. Neno "mifugo" mara 0 na mara 10. Kila hesabu huongezewa 1, ili neno lisilowahi kuonekana lisifute kategoria nzima. Kwa jina "Chumvi ya mifugo", kiunganishi kikiachwa, alama huwa hivi:

```
Vyakula: 2/3 × 9/700 × 1/700  = 0.0000122
Mifugo:  1/3 × 5/500 × 11/500 = 0.0000733
```

Mifugo hupata takriban asilimia 86. Muuzaji akiandika "Chumvi" pekee, Vyakula huongoza kwa asilimia 72, hasa kwa kuwa majina yake ni mengi zaidi. Kiwango cha chini kikiwekwa asilimia 80, jina la pili halipewi pendekezo moja. Muuzaji huonyeshwa kategoria zote mbili achague.

Ugumu mwingine hutokana na ngeli. Kwa kiainishi kinachohesabu maneno mazima, "kitenge" na "vitenge", vinavyouzwa mpakani Mpondwe, ni maneno mawili yasiyohusiana. Yakigawanywa katika vipande vya herufi tatu, kila moja hutoa vipande 5, na 4 kati ya hivyo (ite, ten, eng, nge) ni vya pamoja. Hata hivyo, vipande havimsaidii muuzaji anayetumia neno la Lukonzo lisilofanana na la Kiswahili. Hapo hakuna budi kukusanya mifano zaidi.

Upimaji nao waweza kupotosha. Muuzaji mmoja hurudia jina lilelile mara nyingi. Nakala zake zikiingia katika mafunzo na katika majaribio, kiainishi huonekana hodari kwa kukariri tu. Dalili yake ni usahihi kushuka ghafla wauzaji wapya wanapojiunga. Kwa hiyo data igawanywe kwa wauzaji, na matokeo yatolewe kwa kila kategoria peke yake, kwani wastani wa jumla huficha makosa ya kategoria ndogo kama Mifugo, ambayo ndiyo yenye athari kubwa kwa mlaji.